Vipande viwili, kiungo kimoja: njia tatu za kutafuta a na b, na ipi uishike lini

Swali lenyewe wanafunzi wengi wa hisabati hapa Uganda wanalijua kwa sura. Unapewa fungsheni yenye vipande viwili, kila kimoja na fomula yake, vinakutana kwenye nukta moja. Ndani ya fomula kuna herufi zisizojulikana, kwa kawaida a na b. Unaambiwa: tafuta a na b ili fungsheni iwe na mteremko kwenye kiungo, yaani idiferenshietike pale.

Tuchukue hili, tukae nalo hadi mwisho:

```
f(x) = x² + 3x          x ≤ 2
f(x) = ax² + bx + 6     x > 2
```

Kuna njia tatu za kulishika, na zote zinafika kwenye a = 2.5 na b = -3. Kwa hiyo ukiangalia jibu tu, huoni kwa nini mtu ahangaike kuchagua. Tofauti inaonekana swali linapokuwa na mtego: njia moja itakuonyesha mtego wenyewe bila kuombwa, nyingine itakupitisha juu yake ukitabasamu.

Njia ya kwanza: linganisha thamani, kisha linganisha mteremko

Hii ndiyo ya darasani, na ndiyo utakayoiona kwenye daftari nyingi. Weka 2 kwenye fomula zote mbili, majibu yawe sawa. Kushoto unapata 4 + 6 = 10. Kulia unapata 4a + 2b + 6. Basi 4a + 2b = 4, au kwa ufupi 2a + b = 2.

Halafu diferenshieti kila kipande. Kushoto ni 2x + 3, ambayo kwenye 2 inatoa 7. Kulia ni 2ax + b, ambayo inatoa 4a + b. Basi 4a + b = 7. Toa mlinganyo wa kwanza kwenye wa pili: 2a = 5, a = 2.5, na b = -3. Mistari mitano, umemaliza.

Kwa nini inaruhusiwa? Mwalimu akiuliza hivyo darasa hunyamaza, na sababu yenyewe si ngumu. Fomula ax² + bx + 6 imepewa kazi upande wa kulia tu, lakini yenyewe haijui hilo. Ukiiweka kwenye 2 inafanya kazi, na mteremko wake pale upo. Thamani zikishalingana kwenye kiungo, kutazama f kutoka kulia ni sawasawa na kuitazama fomula hiyo kutoka kulia, kwa hiyo mteremko wa f upande huo ni mteremko wa fomula. Tazama neno «zikishalingana». Hoja yote imesimama juu yake.

Njia ya pili: rudi kwenye maana yenyewe

Mteremko kwenye 2 ni kikomo cha (f(2+h) - f(2))/h, h inapokaribia sifuri, na kikomo hicho kinatakiwa kuwa kimoja ukija kushoto na ukija kulia. Kwanza ujue f(2) inatoka wapi. Alama ya ≤ iko kwenye kipande cha kwanza, kwa hiyo f(2) = 10, nukta. Hiyo 10 ndiyo utakayotumia pande zote mbili, hata upande ambao fomula yake ni nyingine.

Kushoto, h ikiwa hasi: (2+h)² + 3(2+h) - 10 = 7h + h². Gawa kwa h, unabaki na 7 + h, na kikomo ni 7.

Kulia, h ikiwa chanya, ukifungua mabano na kukusanya unapata:

```
(4a + 2b - 4)/h  +  (4a + b)  +  ah
```

Simama hapa kidogo, maana mstari huu una hadithi nzima. Kipande cha mwisho, ah, kinakufa chenyewe. Cha katikati ndicho mteremko. Cha kwanza kina h chini yake, na h inaelekea sifuri: kama juu yake kuna kitu chochote kisicho sifuri, kitalipuka na kikomo hakipo. Njia pekee ya kukituliza ni 4a + 2b - 4 = 0. Huo ndio ule mlinganyo wa kulinganisha thamani. Hatukuuomba, umejitokeza wenyewe. Kinachobaki ni 4a + b = 7, na tumerudi kwenye a = 2.5, b = -3.

Kwa mkono wa kawaida njia hii ni ndefu mara mbili au tatu kuliko ya kwanza, na kila mabano unayofungua ni nafasi ya kukosea alama. Faida yake ni hiyo niliyoonyesha: masharti yote mawili yamo ndani yake, huwezi kusahau moja.

Njia ya tatu: anza na mstari unaogusa

Hii haifundishwi sana, nami nadhani ni hasara. Kipande cha kushoto kinajulikana chote. Kwenye kiungo kina thamani 10 na mteremko 7, kwa hiyo mstari unaokigusa pale ni 10 + 7(x - 2). Kipande cha kulia, kama ni cha daraja la pili na kinatakiwa kuungana bila kona, hakina uhuru mwingi. Lazima kiwe mstari huo pamoja na kitu kinachokufa kwenye 2 pamoja na mteremko wake:

```
10 + 7(x - 2) + k(x - 2)²
```

Sehemu ya (x - 2)² ni sifuri kwenye 2, na mteremko wake pia ni sifuri pale. Hivyo masharti yote mawili yameshatimia kabla hujatafuta chochote, na kimebaki kisichojulikana kimoja, k. Linganisha namba isiyo na x: 10 - 14 + 4k = 6, basi k = 2.5. Hiyo ndiyo a. Na b ni 7 - 4k = -3.

Wahandisi wa barabara wanaishi na fomula hii. Barabara ikipanda kilima halafu ikaanza kushuka, kama unavyoona mara nyingi ukielekea Kisoro kutoka Kabale, mipando miwili iliyonyooka huunganishwa na tao la parabola, na parabola huandikwa hivyo hivyo: urefu wa mwanzo, jumlisha mteremko mara umbali, jumlisha k mara umbali kwa kipeo cha pili. Tuseme barabara inapanda kwa 6% na baada ya mita 200 inatakiwa iwe inashuka kwa 2%. Pima x kutoka mwanzo wa tao. Mteremko wa tao ni 0.06 + 2kx; kwenye x = 200 unatakiwa kuwa -0.02, basi 400k = -0.08 na k = -0.0002. Kimo cha mwisho wa tao juu ya mwanzo wake ni 0.06 × 200 - 0.0002 × 40,000 = 12 - 8 = mita 4. Mstari wa kushuka unaofuata lazima uanzie kwenye hizo mita 4. Ukianzia mita 4.3 utakuwa na ukuta wa sentimita 30 katikati ya lami, hata kama mteremko ni -0.02 pande zote mbili.

Mahali njia ya kwanza inapokudanganya

Huo ukuta wa sentimita 30 ndio unaotokea kwenye karatasi za mitihani, ila hakuna gari la kuugonga. Tazama inavyokuja. Wengi huanza na mteremko, na wana sababu nzuri: ukidiferenshieti, namba zinazosimama peke yake zinapotea, milinganyo inakuwa miepesi. Chukua ax² + b kwa x ≤ 1 na ln x + 3x kwa x > 1. Mteremko unatoa 2a = 4 papo hapo, a = 2, halafu thamani inatoa a + b = 3, b = 1. Safi kabisa. Lakini desturi hiyohiyo, siku swali likiwa na herufi moja tu, inamwacha mtu njiani. Mpe x² kwa x ≤ 1 na 2x + b kwa x > 1. Anadiferenshieti: 2 kushoto, 2 kulia.

«Mwalimu, imetoka yenyewe. b ni yoyote.»

Siyo yoyote. Kushoto thamani ni 1, kulia ni 2 + b. Lazima b iwe -1. Pamoja na b nyingine yoyote fungsheni imekatika pale, na fungsheni iliyokatika haina mteremko kwenye mkato, hata kama vipande vyake vinakwenda sambamba. Aliyetumia njia ya pili asingeweza kuandika «yoyote», kwa sababu mbele yake kungekuwa na 2 + (b + 1)/h, na hiyo h iliyo chini ingemgomea.

Kuna namna ya kuona hili kwa kikokotoo, bila nadharia. Rudi kwenye swali letu la kwanza, tuseme mtu amelinganisha mteremko peke yake na akachagua a = 1, b = 3. Ni kweli 4a + b = 7. Sasa apime: f(2) = 10, na f(2.01) = 4.0401 + 6.03 + 6 = 16.0701. Tofauti gawanya kwa 0.01 ni 607.01. Akisogea hadi 2.001 anapata 6,007.001. Kadiri anavyokaribia ndivyo namba inavyopaa. Kwa majibu sahihi, kushoto f(1.99) = 9.9301, inayotoa 6.99, na kulia f(2.01) = 10.07025, inayotoa 7.025. Namba mbili zinazokaribiana na 7 kutoka pande zote: hiyo ndiyo sura ya jibu zima. Kipimo hiki hakikupi alama kwenye mtihani, lakini kinachukua dakika moja na kinakamata karibu kila kosa la aina hii.

Kinyume chake: thamani zinakubali, mteremko unakataa

Kuna mahali pengine ambapo herufi moja inakabiliwa na masharti mawili, na Mganda anayelipwa mshahara anakutana napo kila mwisho wa mwezi. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza kutumika 2012, kwa mkazi, shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi. Kutoka hapo hadi 335,000 kinachozidi kinakatwa 10%. Kutoka 335,000 hadi 410,000 kodi ni 10,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 335,000. Kutoka hapo hadi milioni 10 ni 25,000 jumlisha 30% ya kinachozidi 410,000.

Jifanye hujui ile 10,000. Andika kipande cha tatu kama b + 0.2(x - 335,000) utafute b. Thamani: kipande cha pili kinafika kiungoni kikiwa na 10% ya 100,000, yaani 10,000, kwa hiyo b = 10,000. Hakuna chaguo lingine. Vivyo hivyo ile 25,000 ni 10,000 jumlisha 20% ya 75,000. Namba hizo kwenye jedwali la kodi hazikuokotwa. Ni kulinganisha thamani tu, ili anayeongezwa mshahara kidogo asijikute amerukiwa na kodi. (Wapo wanaoamini kwamba ukipita 410,000 mshahara wote unakatwa 30%. Ingekuwa hivyo, mwenye 410,000 angekatwa 25,000 na aliyemzidi kwa shilingi mia angekatwa zaidi ya 123,000.)

Mteremko sasa. Kushoto ya 335,000 ni 0.1, kulia ni 0.2, na b haimo kwenye mteremko hata kidogo. Mwenye 334,000 anakatwa 9,900, mwenye 335,000 anakatwa 10,000, mwenye 336,000 anakatwa 10,200: nyongeza ya elfu moja inagharimu mia upande mmoja, mia mbili upande wa pili. Hakuna b itakayoondoa kona hiyo. Kwenye swali la darasani, jibu hapa ni «hakuna b inayofaa», na hilo ni jibu halali lenye alama zake. Masharti ni mawili daima, thamani na mteremko. Herufi mbili kwa kawaida zinatosha. Herufi moja inabahatisha. Herufi tatu zinabaki na uhuru mpaka upewe sharti la ziada, kwa mfano nukta ambayo mchoro unapitia.

Mahali njia ya kwanza inaposema «hapana» na ukweli ni «ndiyo»

Hapa ndipo njia ya pili inapolipa gharama yake. Swali hili ni la mwaka wa kwanza chuoni:

```
f(x) = ax + b          x ≤ 0
f(x) = x² sin(1/x)     x > 0
```

Kwa njia ya kwanza unadiferenshieti kipande cha kulia: 2x sin(1/x) - cos(1/x). Sehemu ya kwanza inakufa x ikikaribia sifuri. Ya pili haitulii: kwenye x = 1/(2π), 1/(4π), 1/(6π) na kuendelea inatoa -1, na kwenye 1/π, 1/(3π), 1/(5π) inatoa +1. Hakuna kikomo, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha na a. Mwanafunzi anaandika kwamba hakuna a na b zinazofaa, na amekosa.

Kwa maana yenyewe: f(0) = b, inatoka kushoto. Kulia tunapata h sin(1/h) - b/h. Hiyo b/h inalipuka isipokuwa b = 0. Kinachobaki, h sin(1/h), hakiwezi kuzidi ukubwa wa h, maana sini haitoki nje ya -1 na 1. Kinabanwa hadi sifuri. Mteremko wa kulia upo na ni 0. Wa kushoto ni a. Basi a = 0, b = 0, na fungsheni ina mteremko kwenye kiungo.

Njia ya kwanza imekwama wapi? Kwenye ile hoja niliyoitaja mwanzo. Tulisema fomula ya kulia yenyewe inafanya kazi kwenye kiungo, na mteremko wake pale upo. Hii haifanyi kazi kwenye sifuri, 1/x imegoma. Kilichopimwa si mteremko kwenye sifuri bali tabia ya mteremko jirani na sifuri, na jirani anaweza kuwa na fujo huku mwenye nyumba ametulia. Kikomo cha f' kikipatikana na thamani zikilingana, kinakubaliana na mteremko wa kiungoni. Kisipopatikana kwa kuyumba namna hii, hakijathibitisha lolote, ndiyo wala hapana. Kikienda kwenye ukomo usio na mwisho ni jambo jingine: √x ikija kutoka kulia mwa sifuri, mteremko wake unapaa bila kikomo, na hapo mteremko haupo kwa njia yoyote utakayotumia.

Mtego wa mwisho wa aina hii ni wa kuchokoza zaidi kuliko wa kina. Swali linaandika x < 2 kwa kipande kimoja, x > 2 kwa kingine, halafu katikati f(2) = 12. Vipande vyote viwili vinaelekea 10 kwa mteremko 7, na aliyelinganisha vipande tu hakuiona kabisa hiyo 12. Kwa njia ya pili, f(2) inaingia kwenye mstari wa kwanza kabisa, na kushoto kunatokea (7h + h² - 2)/h. Hiyo -2/h haina pa kwenda.

Kuchagua

| Swali lina nini | Shika | Sababu |
|---|---|---|
| Fomula zote mbili zinakubali kuwekwa nukta ya kiungo, herufi ziko pande zote | ya kwanza | fupi, ila andika mlinganyo wa thamani kabla ya wa mteremko |
| Kushoto kunajulikana chote, kulia ni polinomia | ya tatu | masharti yameshatimia, unatafuta kinachobaki |
| 1/x, ln x au mzizi unaogoma kwenye kiungo chenyewe, au f(c) imetajwa peke yake | ya pili | nyingine zinaweza kukosa au kutosema kitu |
| Swali linasema «kwa kutumia maana ya derivativu» | ya pili | umeamriwa |

Kwangu mimi, mwanafunzi mwenye muda wa mtihani aanze na ya kwanza, na alama moja ndogo pembeni ya karatasi: thamani kwanza. Kisha, kabla ya kulinganisha mteremko, aweke nambari ya kiungo kwenye kila fomula na kwenye kila derivativu aone kama kuna inayogoma. Ikigoma hata moja, aache, ahamie ya pili. Ya tatu naipenda kwa sababu nyingine: ndiyo pekee inayokuonyesha majibu yote kwa pamoja. Ukitaka kipande cha daraja la tatu badala ya la pili, unaongeza m(x - 2)³ mwishoni, na kiungo hakitikisiki.